Kuchapa hesabu za mwalo kwa vijiti vya tano tano

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, kwenye mwalo mmoja hapa Ilemela. Tumehesabu vyombo vyetu vyote kwa aina ya nguvu inayovisukuma, na hesabu ziko kwenye Excel. Wanachama wanataka karatasi ya kubandika ubaoni yenye vijiti vya tano tano kama tunavyochora kwa kalamu, si tarakimu peke yake. Nilichapa vijiti vinne nikavikata kwa mstari, lakini kule steshenari mstari ukawa umepotea. Nifanyeje vitoke sawa kwa maandishi ya kawaida tu?"*

Marahaba katibu. Ule mstari uliokata vijiti vinne haukuwa herufi. Ulikuwa pambo, sawa na wino mzito au rangi nyekundu, na pambo huishi ndani ya faili ya Word au Excel tu. Ukihifadhi kazi kama maandishi matupu, au ukiinakili kwenye Notepad, pambo linabaki nyuma na zinapita herufi peke yake. Kwa hiyo vijiti vyako vinne vilifika salama, ila cha tano hakikuwahi kuwepo. Hilo ni kosa baya zaidi ya linavyoonekana: msomaji wa ubaoni anaona mafungu ya vinne, anahesabu vinne, na hakuna kinachomwambia kwamba kimoja kimepungua.

Dawa yake ni kufanya kijiti cha tano kiwe herufi inayojitegemea. Mimi hutumia mistari wima minne ikifuatwa na mkwaju, kisha nafasi moja:

```
||||/ ||||/ |||
```

Hapo ni kumi na tatu. Mkwaju haupiti juu ya vijiti kama unavyofanya kwa kalamu, umekaa pembeni yake, na jicho hulizoea jambo hilo upesi. Ila sababu kubwa ya kuuchagua mpangilio huu si sura yake. Fungu hili lina herufi tano kamili, na linasimama badala ya vitu vitano. Kila herufi ni chombo kimoja. Maana yake ni kwamba kompyuta yenyewe inaweza kuhesabu herufi na kukuambia kama vijiti vinalingana na idadi uliyoandika. Nitarudi hapo, kwa sababu ndipo penye faida yote.

Utakutana na watu watakaokushauri utumie alama maalumu ya fungu la vijiti vitano, 𝍸, ambayo iliingizwa kwenye Unicode mwaka 2018. Ipo kweli, na kwenye fonti inayoijua inapendeza. Lakini fonti nyingi haziijui, na kompyuta ya steshenari ikikosa fonti yenye alama hiyo itakuchapia kijisanduku kitupu mahali pa kila tano. Hata ikitoka vizuri, alama moja inasimama badala ya vitu vitano, kwa hiyo ule ukaguzi wa kuhesabu herufi unakufa. Kwa karatasi inayochapwa kwenye mashine ya mtu mwingine, iache. Usitumie pia herufi kubwa ya I wala tarakimu 1 badala ya mstari wima. Kwenye fonti kama Courier New zote mbili zina vikono, na vijiti vyako vitaonekana kama neno lisilosomeka.

Sasa tuipange kazi. Nichukue mfano wa mwalo wenye vyombo 63 vya makasia, 41 vya injini ya nje, 8 vya tanga, na hakuna hata kimoja chenye injini ya ndani. Tuseme pia kuna mitumbwi iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na siku ya kuhesabu hakuna aliyeipitia.

Kabla ya fomula yoyote, vunja idadi kubwa kuwa mistari ya ishirini na tano. Badala ya kuandika 63 kwenye mstari mmoja wa jedwali, andika 25, chini yake 25, chini yake 13. Badala ya 41, andika 25 na 16. Jina la aina liandike kwenye mstari wa kwanza tu, mistari inayofuata iachwe wazi kwenye kolamu ya majina. Ipo njia ya kuiagiza Excel ikate mistari yenyewe ndani ya seli moja, lakini seli yenye mistari mingi ukiinakili kwenda Notepad inakuja imefungwa kwa alama za kunukuu mwanzo na mwisho, na utazifuta moja moja. Kwa jedwali la aina nne au tano, kuvunja kwa mkono ni kazi ya dakika chache.

Kwa nini ishirini na tano? Kwa sababu mafungu matano kwa mstari yanahesabika kwa kidole bila kupotea, na mistari minne kamili inakuwa mia. Mafungu kumi yakijipanga kwenye mstari mmoja, mtu akifika la saba anaanza kujiuliza kama ni la saba au la nane.

Basi kolamu ya A ina majina, B ina idadi, na data inaanza mstari wa pili. Kwenye C2 weka fomula ya vijiti, kisha uiburute mpaka chini:

```
=IF(B2="","haikuulizwa",IF(B2=0,"-",REPT("||||/ ",INT(B2/5))&REPT("|",MOD(B2,5))))
```

Sehemu ya kati ndiyo moyo wake. INT inatoa mafungu kamili ya tano yaliyomo kwenye idadi, MOD inatoa kinachobaki, na REPT inarudia maandishi mara unazoitaka. Kwa 13 yanapatikana mafungu mawili na kubaki vijiti vitatu. Fomula hii hii inafanya kazi kwenye LibreOffice Calc na Google Sheets. Kwenye kompyuta nyingine mpangilio wa eneo hudai nukta mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula. Excel ikiikataa, jaribu kubadilisha hivyo kwanza. Na ukiipokea fomula kwa WhatsApp au kuipitisha kwenye Word, angalia alama za kunukuu: zikigeuka kuwa zile zilizopinda, Excel haizitambui. Zifute, uzichape upya kwa kibodi.

Zile IF mbili za mwanzo usizitoe. Bila hizo, sifuri inaleta seli tupu, na seli isiyojazwa nayo inaleta seli tupu, na ubaoni haviwezi kutofautishwa. Kwa mwalo ni mambo mawili tofauti kabisa. Injini ya ndani ni sifuri: mlitafuta, hakuna. Mitumbwi ya matengenezo haikupitiwa: huenda ipo mingi. Kistari kwa sifuri na neno kwa kisichoulizwa vinamaliza ubishi kabla haujaanza. Mpangilio wa IF nao una maana, kwa kuwa Excel huichukulia seli tupu kuwa sawa na sifuri. Ukianza kuuliza kuhusu sifuri, mitumbwi ya matengenezo itaandikiwa kistari na utakuwa umewaambia watu jambo lisilo la kweli.

Kwenye D2 weka jumla inayoendelea, ili mwisho wa kila mstari msomaji aone amefikia ngapi:

```
=IF(B2="","",IF(A2="",D1,0)+B2)
```

Pale jina lilipoachwa wazi, inajumlisha na mstari wa juu. Pale jina lilipoandikwa, inaanza upya. Ndiyo maana nilisisitiza jina liandikwe mara moja tu.

Sasa E2, inayounganisha yote kuwa mstari mmoja wa maandishi wenye upana usiobadilika:

```
=LEFT(A2&REPT(" ",18),18)&LEFT(C2&REPT(" ",32),32)&RIGHT("   "&D2,3)
```

Jina linapewa nafasi 18, vijiti 32, namba 3. Jumla ni herufi 53 kwa kila mstari. Jina lenye zaidi ya herufi 17 lifupishe, maana lenye 18 litagusana na vijiti na lililozidi hapo litakatwa mkia. Nakili kolamu ya E peke yake, bandika kwenye Notepad, na utapata hivi:

```
Makasia           ||||/ ||||/ ||||/ ||||/ ||||/    25
                  ||||/ ||||/ ||||/ ||||/ ||||/    50
                  ||||/ ||||/ |||                  63
Injini            ||||/ ||||/ ||||/ ||||/ ||||/    25
                  ||||/ ||||/ ||||/ |              41
Tanga             ||||/ |||                         8
Injini ya ndani   -                                 0
Matengenezo       haikuulizwa
```

Mtu anaweza kuuliza kwa nini usichape jedwali moja kwa moja kutoka Excel. Nimeona karatasi nyingi zikiharibika kwa njia hiyo, na namna zinavyoharibika ndiyo inayonitia wasiwasi. Namba ikikosa nafasi kwenye seli, Excel inaonyesha alama za reli, #####, na kila mtu anajua kuna tatizo. Maandishi yakikosa nafasi, na seli ya kulia kwake ina kitu, Excel inayakata kimya kimya. Vijiti ni maandishi. Kolamu ikiwa nyembamba kidogo, mafungu ya mwisho yanafichwa chini ya kolamu inayofuata, na karatasi inatoka safi, imenyooka, ikiwa na vyombo pungufu. Ukitumia seli yenye mistari mingi, urefu wa seli nao wakati mwingine haubadiliki pale fomula inapobadilika, na mstari wa chini unabaki ndani bila kuonekana. Kwenye faili ya maandishi hakuna seli, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Ukitaka kweli kuchapa kutoka Excel, fungua onyesho la kuchapa na ulinganishe kila mstari na namba yake kabla ya kulipia karatasi.

Sasa ule ukaguzi. Kwenye F2 weka:

```
=LEN(SUBSTITUTE(C2," ",""))=B2
```

Inaondoa nafasi zote, inahesabu herufi zilizobaki, na kuuliza kama ni sawa na idadi. Mistari yote yenye vijiti inapaswa kuonyesha TRUE. Mistari ya sifuri na ya "haikuulizwa" itaonyesha FALSE kwa sababu kistari na neno navyo ni herufi, na hiyo utaiangalia kwa macho. FALSE kwenye mstari wenye vijiti mara nyingi maana yake ni kwamba idadi ina desimali. Ukiwa umeweka wastani wa siku kadhaa, tuseme 7.6, INT inatoa fungu moja, MOD inatoa 2.6, na REPT inalitupa lile desimali na kuchora viwili tu. Vinatoka vijiti saba bila onyo lolote, isipokuwa ile FALSE. Na ukiona desimali, usikimbilie kukadiria hadi namba kamili ili ukaguzi ukubali. Rudi kwenye daftari, uchukue hesabu ya siku moja. Kijiti ni chombo kimoja kilichoonekana, na wastani hauna chombo.

Ukiona #VALUE! badala ya vijiti, angalia kama kuna aliyeandika neno kwenye kolamu ya B, kwa mfano "hakuna" au kistari. Andika 0 pale palipohesabiwa na kukosekana, uache wazi pale pasipohesabiwa, na fomula itafanya inayobaki.

Kuna ukaguzi mmoja zaidi ambao fomula hizi haziufanyi: kwamba mlipovunja 63 mlipata kweli 25, 25 na 13. Jumlisha kolamu yote ya B, ulinganishe na jumla ya daftari la mwalo. Kwa mfano wetu ni 112. Ikitoka 111, umekosea kuvunja mahali fulani, na jumla inayoendelea kwenye D itakuonyesha ni aina ipi, kwa kuwa namba ya mwisho ya kila aina lazima iwe ile ya daftari.

Kwenye Notepad, juu kabisa ya vijiti, chapa kichwa cha karatasi na ufunguo. Kichwa kiseme kijiti kimoja ni nini, mahali gani na siku gani: "Kijiti kimoja ni chombo kimoja kilichoonekana mwaloni tarehe fulani." Ukiacha hilo, mtu atadhani ni safari za kushusha samaki, na chombo kimoja cha dagaa kinaweza kushusha siku nyingi mfululizo. Ufunguo uwe mfupi:

```
||||/ = 5
```

Ufunguo huu si pambo. Mkwaju ukiwa pembeni, wapo watakaodhani ni kitenganishi tu kati ya fungu na fungu, na watahesabu vinne vinne. Kabla hujatoa nakala, chukua karatasi moja umpe mtu ambaye hakushiriki kuhesabu, mama anayenunua dagaa pale mwaloni au kijana wa kubeba ndoo, ufunike namba za kulia kwa kiganja, umwambie ahesabu vijiti vya injini. Akisema 41, karatasi inasomeka. Akisema 33, ameiruka mikwaju yote minane, na ufunguo wako umekaa mahali asipopaona. Usogeze juu, ujaribu na mtu mwingine. Akisema 40 au 42, hilo ni la macho tu, herufi zimebanana.

Kuhusu herufi kubanana, fonti lazima iwe ile ambayo kila herufi ina upana sawa: Courier New, Consolas au DejaVu Sans Mono. Kwenye Arial mstari wima, nafasi na herufi nyingine kila kimoja kina upana wake, na kolamu zako za namba zitapinda mstari baada ya mstari. Mimi ningechagua Courier New nene, ukubwa wa 14. Kila herufi yake inachukua sehemu 0.6 ya ukubwa wa fonti, yaani pointi 8.4, hivyo herufi 53 zinachukua karibu milimita 157. A4 ina upana wa milimita 210, ukiacha pambizo la milimita 25 kila upande zinabaki 160. Inaenea, lakini kwa shida, ndiyo maana nilichagua 18, 32 na 3 badala ya namba nyingine. Ukiongeza upana wa jina hata kwa herufi moja, shuka hadi ukubwa wa 13 au punguza pambizo, la sivyo namba zitaruka mstari wa chini.

Nasema nene kwa sababu karatasi ya ubaoni haiishi kuwa moja. Itanakiliwa kwa mashine ya fotokopi, na nakala itanakiliwa tena. Mstari wima mwembamba ndio wa kwanza kufifia, na fungu lililofifia kijiti kimoja bado linaonekana kama fungu. Toa nakala zote kutoka kwenye faili, si kutoka kwenye nakala. Kwenye mipangilio ya ukurasa ya Notepad futa pia yaliyoandikwa kwenye sehemu za kichwa na kijachini, vinginevyo itakuchapia jina la faili juu na namba ya ukurasa chini.

Steshenari usiwapelekee faili ya Notepad peke yake ukategemea fonti, kwa sababu faili ya maandishi haibebi fonti. Ukiifungua kwenye mashine yao, itatumia fonti yoyote waliyoweka wao. Ama ukae nao uchague Courier New kwa jina, ama uihifadhi nyumbani kama PDF kupitia kitufe cha kuchapa, uwapelekee hiyo, huku faili ya maandishi ukibaki nayo kwa kurekebisha baadaye.

Na kwa mwalo wenye vyombo vingi sana, kuna mahali pa kusimama. Aina moja ikizidi mistari sita, yaani vijiti 150, naiandikia tarakimu tu, na vijiti nabakiza kwa aina ndogo ambazo watu huzibishania chombo kwa chombo. Usije ukapunguza kwa kusema kijiti kimoja sasa ni vyombo kumi. Mvuvi anaposimama mbele ya ubao anatafuta kijiti cha mtumbwi wake, na akiambiwa kijiti kile ni cha mitumbwi kumi, karatasi haimsaidii kuliko tarakimu.